Mashine inanguruma, pesa haionekani: kutafuta kosa kwenye uchimbaji wa bitkoini nyumbani Uganda

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Busia. Tangu mashine za mtumba za kuchimba bitkoini zianze kufika mikononi mwa watu wa kawaida, nimekuwa nikiitwa kwenye stoo, gereji na vyumba vya nyuma ya maduka kusikiliza malalamiko yaleyale. Yako manne tu, na nimeyapanga hapa kama yanavyonifikia. Chini ya kila moja naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, kisha nashuka kwenye zile za nadra.

Mifano yote inatumia Antminer S19j Pro ya terahashi 104, yaani inakisia jibu la fumbo la mtandao wa bitkoini mara trilioni 104 kwa sekunde, inayokula wati 3,068, kwa kuwa ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Mashine iliyo mbele yangu ninapoandika ni ya shemeji yangu. Aliinunua mtumba akaiweka kwenye stoo ya duka lake, na ndani ya wiki tatu alikuwa ameyapata malalamiko yote manne.

Onyo moja kabla hatujaanza. Ukinusa plastiki inayoungua, ukiona plagi imegeuka rangi, au ukigusa kasha la mashine ukahisi umeme unakutekenya, usiendelee kusoma. Zima breka kwenye ubao, si swichi ya ukutani, kisha uruke hadi dalili ya tatu.

Dalili ya kwanza: siku zinapita, hakuna hata senti

Shemeji alinipigia usiku. "Shemeji, siku ya tisa leo. Feni zinapiga kelele mpaka majirani wanalalamika, lakini pochi haina kitu."

Kitu cha kwanza kuangalia ni kiwango cha chini cha malipo. Kundi la uchimbaji, ambalo wengi hapa wanaliita puli, halikutumii satoshi, kipande kidogo kabisa cha bitkoini, moja moja, maana kila malipo kwenye mnyororo wa bitkoini yana ada yake. Linakuwekea salio mpaka lifikie kiwango fulani, ndipo linatuma. Mashine hii huingiza takriban satoshi 5,200 kwa siku, na hesabu yake nitaionyesha mbele. Kiwango kikiwa bitkoini 0.005, yaani satoshi 500,000, utasubiri siku 96. Kikiwa 0.001, siku 19 hadi 20. Ingia kwenye akaunti yako ya kundi na usome salio lisilolipwa. Likiwa linapanda kila siku, hakuna kilichoharibika. Makundi mengi hukuruhusu kushusha kiwango hicho kwenye mipangilio, ila angalia ada ya kutuma isije ikala ulichopata.

Kwa shemeji salio halikuwa linapanda hata kidogo, na hapo ndipo sababu ya pili inapoingia: mashine ilikuwa inamchimbia mtu mwingine. Kwenye ukurasa wa mipangilio kuna nafasi tatu za makundi. Ya kwanza ikikataa kuunganishwa, mashine huhamia ya pili yenyewe, kisha ya tatu, bila kukuuliza. Shemeji aliandika vizuri jina lake kwenye nafasi ya kwanza lakini akakosea herufi moja ya anwani ya kundi. Nafasi ya pili bado ilikuwa na akaunti ya aliyemuuzia. Siku tisa za umeme zikaenda kwa mtu asiyemjua.

Mashine ya mtumba ikifika, jaza nafasi zote tatu kwa akaunti yako, au acha mbili tupu kabisa. Mpangilio hukaa hivi:

```
URL:      stratum+tcp://ANWANI-YA-KUNDI:3333
Worker:   jinalako.mashine1
Password: x
```

Namba ya mlango ya mwisho hutofautiana kati ya kundi na kundi, kwa hiyo inakili kutoka ukurasa wa msaada wa kundi lenyewe, usiikisie. Ukishahifadhi, subiri dakika kumi, kisha tazama kama `mashine1` imejitokeza upande wa kundi. Mashine ikisema imeunganishwa lakini haionekani kwenye akaunti yako, mara nyingi umeandika jina la akaunti ya mtu mwingine iliyopo kundini.

Sababu ya nadra zaidi, lakini mbaya, ni programu iliyochezewa ndani ya mashine. Mipangilio inaonekana sawa, mashine inasema terahashi 104, kundi linaona pungufu sana kila siku, na hakuna iliyokufa kati ya bodi zake tatu zenye chipu. Wako wauzaji wanaoweka programu inayoiba sehemu ya kazi na kuipeleka kwao. Dawa yake ni kufuta na kuweka upya programu halisi kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa kadi ya SD kama modeli yako inaruhusu. Usitumie faili uliyotumiwa na muuzaji kwenye WhatsApp.

Sababu ya mwisho ni mtu kuchagua kuchimba peke yake bila kujua. Baadhi ya makundi yana mlango wa peke yako, ambako hupati kitu mpaka mashine yako yenyewe ipate bloku nzima, yaani ifumbue fumbo linalofunga fungu jipya la miamala ya bitkoini. Mtandao wote hupata bloku moja kila dakika 10 hivi, yaani 144 kwa siku. Tuseme mtandao una eksahashi 900, yaani terahashi milioni 900, kiasi kilichokuwepo katikati ya 2025. Terahashi zako 104 ni sehemu moja kati ya milioni 8 na laki 6 na zaidi. Kwa wastani utangoja siku elfu 60, ambazo ni miaka 164, kupata bloku yako ya kwanza. Inaweza kuja kesho, inaweza isije kwa wajukuu.

Hii ndiyo sababu wachimbaji wadogo hugawana. Kundi linakupa fumbo lilelile la mtandao lakini likiwa limerahisishwa, na kila unapolifumbua unatuma uthibitisho, unaoitwa hisa. Hisa yenyewe haina thamani kwenye mtandao. Inathibitisha tu kwamba kweli umefanya kazi. Mmoja wenu akipata bloku, malipo yake, bitkoini 3.125 tangu Aprili 2024, yanagawanywa kulingana na hisa. Kugawana hakuongezi pato lako hata kidogo, na kundi linakata ada yake. Unachonunua kwa ada hiyo ni kulipwa kidogo kila siku badala ya kungoja miaka 164. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na watu wanaohama kundi kila wiki wakitafuta lenye "kulipa zaidi".

Kundi la mtindo wa FPPS hulipa kila hisa kwa bei iliyopangwa, bloku ipatikane au isipatikane, na huwa na ada kubwa kidogo. La mtindo wa PPLNS hulipa bloku inapopatikana tu, kwa kuangalia hisa za karibuni. Wiki moja utaona nyingi, nyingine chache. Ukiwa kwenye PPLNS na umeonja siku mbili kavu, subiri wiki mbili kabla ya kuita fundi.

Dalili ya pili: mashine inasema 104, kundi linasema 80

Mara nyingi hapa hakuna tatizo ila kipimo kinachosomwa vibaya. Mashine inajua kasi yake kwa kuhesabu kazi inayofanya. Kundi halioni kazi hiyo, linaona hisa zinazofika, na kutokana nazo linakisia kasi. Ikiwa mashine yako inatuma hisa nne kwa dakika, ndani ya dakika 15 ni hisa 60 tu, na kwa idadi ndogo hivyo bahati peke yake inaweza kusogeza kipimo asilimia 13 juu au chini, wakati mwingine zaidi. Kwa saa 24 zinakuwa hisa 5,760, na yumbo linashuka hadi asilimia 1 na kidogo. Kwa hiyo funga macho kwa namba ya dakika 15. Soma wastani wa saa 24 pekee. Ukiwa 102 au 103, nenda kalale.

Wastani wa saa 24 ukiwa 90 hivi, uliza kwanza umeme ulikatika mara ngapi. Kila ukirudi, mashine huanza upya, hujipima, hupasha bodi, na huchukua dakika kadhaa hadi kufikia kasi kamili. Siku yenye kukatika mara kumi, hata kama kila mara ni dakika mbili, inaweza kukuibia zaidi ya saa nzima. Katika orodha ya kundi utaona mstari wenye mabonde kama meno ya msumeno. Kasoro ya aina hii haitengenezwi kwa kufungua mashine.

Ukiwa karibu na 69, karibu kila mara ni bodi moja kati ya tatu iliyonyamaza, maana theluthi mbili za 104 ni 69. Fungua ukurasa wa hali ya mashine: kila bodi ina mstari wake, na kwenye S19j Pro kila moja inapaswa kuonyesha chipu 126. Bodi ikionyesha 0, au namba yoyote pungufu, zima mashine kwenye breka, chomoa waya zote mbili za umeme, subiri dakika kumi. Kisha badilisha waya bapa wa data wa bodi hiyo na ule wa jirani yake. Washa tena. Kosa likihamia kwa jirani, waya ndio mbovu, na waya ni rahisi. Likibaki palepale, kagua skrubu za vipande vya shaba vinavyoleta umeme kwenye bodi. Zikilegea hupata moto na bodi hukatika ikishapata joto. Zikiwa zimekaza na bodi bado kimya, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Kubadilisha chipu kunahitaji kifaa cha kupimia bodi, hewa ya moto na mtu aliyekwisha kuharibu nyingi kabla ya yako. Mashine inaweza kuendelea na bodi mbili huku ukitafuta fundi wa aina hiyo.

Joto ni sababu inayofuata. Vumbi letu la msimu wa jua huziba mapezi ya alumini mpaka hewa haipiti. Mtengenezaji ameweka ukomo wa nyuzi 40 za hewa inayoingia, na stoo yenye bati bila dari hufika hapo mchana bila shida. Puliza vumbi kwa blowa kutoka upande hewa inapotokea, ukizuia feni kwa kidole au kijiti zisizunguke, na uhakikishe hewa ya moto inatoka nje ya chumba, haizunguki na kurudi mbele ya mashine. Stoo ya shemeji ilikuwa na dirisha moja, na mashine ilikuwa imeelekeza mgongo ukutani. Kuigeuza tu kulishusha joto la bodi kuliko chochote kingine tulichofanya siku hiyo.

Mwisho, hisa zinazokataliwa. Kwenye ukurasa wa mashine zinaonekana chini ya `Rejected` na `Stale`. Chini ya asilimia 1 ni kawaida. Zikivuka 2 na kuendelea, watu hulaumu umbali, kwamba seva iko Ulaya na sisi tuko Busia. Tupime lawama hiyo. Hisa huchelewa na kuharibika pale tu bloku mpya inapopatikana ukiwa bado unafanyia kazi ya zamani. Ujumbe ukichukua sekunde 0.2 kufika, na bloku zinakuja kila sekunde 600, umbali unakula takriban asilimia 0.03. Hauwezi kueleza asilimia 5. Kinachoeleza asilimia 5 ni muunganisho unaokatika na kurudi, hasa mtu akitumia simu kama modemu au waifai inayopita kuta tatu. Pima hivi kutoka kompyuta iliyo kwenye ruta hiyohiyo, na kama ni ya Windows weka -n badala ya -c:

```
ping -c 50 ANWANI-YA-KUNDI
```

Muda mrefu usikutie wasiwasi. Tazama mstari wa karibu na mwisho unaosema ngapi zimepotea. Makundi mengine hayajibu kabisa amri hii, na hapo jaribu anwani nyingine ya mbali unayojua inajibu. Ukipoteza chache kati ya 50, vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi kwenye mashine kabla hujafanya lingine. Data yenyewe inayotumika ni ndogo, megabaiti tu kwa siku, hivyo usinunue bando kubwa kwa sababu hii. Unahitaji laini isiyokatika, hata kama ni ya polepole.

Dalili ya tatu: inajizima jioni, au plagi inapata moto

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hili ndilo linaloweza kuteketeza nyumba.

S19j Pro ina matundu mawili ya umeme na waya mbili. Nilipoingia stoo ya shemeji, waya zote mbili zilikuwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni imechomekwa kwenye soketi moja ya kawaida ya pini tatu. Niligusa plagi nikarudisha mkono. Plastiki kuzunguka pini ya upande wa fyuzi ilikuwa imegeuka kahawia na kulainika kama nta.

Hesabu yake ni hii. Wati 3,068 kwa volti 240 ni ampea 12.8. Soketi na fyuzi ya plagi yetu zimetengenezwa kwa ampea 13. Kwenye karatasi unapita kwa uzi. Lakini jioni, mtaa mzima ukipika na kupiga pasi, volti hushuka. Pawasapulai ya mashine inataka wati zilezile, kwa hiyo volti zikishuka inavuta ampea zaidi. Kwa volti 210 ni ampea 14.6. Birika huvuta karibu kiasi hicho kwa dakika nne, kisha plagi inapoa. Hii inavuta usiku na mchana. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kuvumilia ampea 14 kwa muda mrefu bila kukatika, na muda wote huo plagi inapikika.

Volti zikishuka chini ya 200, pawasapulai hujizima yenyewe, kwa kuwa imetengenezwa kwa volti 200 hadi 240. Ndiyo maana mashine inazimika saa moja jioni na kuamka saa nne usiku bila kuguswa. Chomeka kipima volti cha plagi kwenye soketi ya jirani na uandike namba kwa siku tatu. Ukiona inashuka kila jioni kwa saa zilezile, mashine yako ni nzima.

Wengi hukimbilia stabilaiza. Ile ya friji haifai kabisa. Kwa mzigo huu utahitaji ya kVA 5 au zaidi, na hata hiyo hainyanyui volti bure, inavuta ampea zaidi kutoka kwenye waya wa ukutani, waya uleule uliokwisha kulemewa. Bila kurekebisha waya kwanza, stabilaiza inahamisha moto kutoka kwenye plagi hadi ndani ya ukuta, usikouona.

Unachoruhusiwa kufanya mwenyewe hapa ni kuzima, kuchomoa na kupima kwa kipima volti cha plagi. Mengine ni ya fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, na muulize akuonyeshe kibali hicho. Mwambie unataka laini ya peke yake kutoka kwenye ubao, yenye breka yake, waya mnene wa milimita za mraba 4, soketi ya viwandani badala ya ile ya pini tatu, na waya wa ardhini aliouthibitisha kwa kipimo. Mashine yenye kasha la chuma bila waya wa ardhini unaofanya kazi haifai kukaa kwenye nyumba yenye watoto. Volti ikiwa mbovu kabla ya mita, kwenye nguzo au transfoma, hilo ni la UEDCL, ambao wamechukua usambazaji tangu Aprili 2025, na fundi wako hana ruhusa ya kuligusa. Pawasapulai yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani yake kuna kapasita zinazobaki na chaji ya kuua.

Na akija mtu kukuambia anaweza kukupitishia waya kabla ya mita, mfukuze. Ni kosa la jinai, na waya wa namna hiyo hauna breka yoyote kati yako na transfoma.

Dalili ya nne: kila kitu kinafanya kazi, na bado tokeni ya umeme inakula kuliko kinachoingia

Tulipomaliza yote hayo mashine ya shemeji ilikaa kwenye 103, hisa zilizokataliwa zikiwa asilimia 0.3, waya mpya baridi. Wiki moja baadaye akaniletea daftari. "Sasa inafanya kazi vizuri, lakini naongeza tokeni za umeme wa Yaka kila asubuhi. Kosa liko wapi?"

Tulikaa na hesabu. Pato kwanza, kwa satoshi:

```
satoshi kwa siku = (TH yako ÷ TH ya mtandao) × 144 × 312500000
(104 ÷ 900000000) × 144 × 312500000 = 5200
```

Ile 312500000 ni malipo ya bloku kwa satoshi. Nimeacha ada za miamala zinazoongeza kidogo na ada ya kundi inayopunguza kidogo, maana zinakaribia kufutana. Tukichukua bitkoini moja kwa dola 100,000 na dola kwa shilingi 3,600, satoshi 5,200 ni dola 5.2, yaani shilingi 18,720 kwa siku.

Sasa umeme. Wati 3,068 kwa saa 24 ni yuniti 73.6. Gawa pato kwa yuniti: 18,720 kwa 73.6 ni shilingi 254. Hii ndiyo namba niliyomwandikia shemeji kwa kalamu nene kwenye jalada la daftari. Kila yuniti anayoinunua kwa zaidi ya shilingi 254, anapoteza.

Sababu ya kawaida ya watu kutoliona hili ni jinsi bei ya nyumbani ilivyopangwa. Kwa viwango vya ERA vya robo ya pili ya 2025, kabla ya VAT, yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250, kutoka ya 16 hadi 80 zilikuwa 756, kutoka ya 81 hadi 150 zilishuka hadi 412 ili watu wapikie umeme, na zaidi ya 150 zilirudi 756. Shemeji alifanya hesabu yake kwa tokeni aliyonunua siku ya pili ya mwezi, akiwa ndani ya ile ngazi ya kupikia. Ilionekana nafuu. Lakini mashine hii inavuka yuniti 150 mwanzoni kabisa mwa siku ya tatu, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwezi kila yuniti ni 756, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 ni 892. Zile yuniti 15 za bei ya chini zinaisha kabla ya saa tano kutimia.

Mwezi mzima ni yuniti 2,208. Yuniti 150 za mwanzo zinagharimu shilingi 81,730, zilizobaki 2,058 ni shilingi 1,555,848, jumla na VAT ni kama 1,932,000. Pato la siku 30 ni 561,600. Hasara ni zaidi ya shilingi milioni 1 na laki 3 kila mwezi, bila kuhesabu bei ya mashine, waya mpya wala mimi.

ERA hupitia bei kila robo mwaka, kwa hiyo usitumie namba zangu, tumia risiti yako. Chukua tokeni uliyonunua katikati ya mwezi, gawa fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, na ulinganishe na namba yako ya jalada.

Sababu ya pili ni hesabu ya zamani. Video nyingi zinazowashawishi watu zilirekodiwa kabla ya Aprili 2024, bloku ilipokuwa ikilipa bitkoini 6.25. Nusu ya pato hilo halipo tena. Na ugumu wa fumbo hupangwa upya kila baada ya bloku 2,016, kama wiki mbili, kufuata nguvu ya mtandao. Mashine mpya zikiongezeka popote duniani, satoshi zako hupungua ingawa hujagusa kitu.

Je, kuna la kurekebisha? Unaweza kuipunguzia mashine kasi. Ikiwekwa terahashi 75 kwa wati kama 1,875, inatumia umeme vizuri zaidi, na namba ya jalada inapanda kutoka 254 hadi 300. Antminer S21 mpya, terahashi 200 kwa wati 3,500, inafika 429. Zote bado ziko mbali na 892. Ili mashine ya shemeji irudishe tu gharama kwa bei hii ya umeme, bitkoini ingebidi ifike dola 351,000 huku ugumu ukibaki palepale, na haubaki palepale bei ikipanda, kwa sababu kila mwenye mashine iliyolala huiwasha.

Wanaofaulu Afrika Mashariki wanakaa karibu na umeme ambao hauna mnunuzi mwingine. Kampuni ya Gridless ya Kenya, kwa mfano, huweka mashine kwenye mitambo midogo ya maji vijijini, ikinunua umeme ambao ungepotea. Nyumba yenye mita ya Yaka haina umeme wa aina hiyo. Mwenye sola inayobaki na ziada mchana anaweza kuifikiria, ila awashe saa zile za ziada tu, na ajue S19j Pro ni mzigo wa inveta ya kilowati 5, si ya taa.

Jambo moja la mwisho kwenye daftari lilikuwa la kubadilisha. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaagiza watoa huduma za malipo wenye leseni wasiwezeshe kubadilisha sarafu za kidijitali kuwa fedha za simu. Shemeji alikuwa akibadilishia kwa mtu binafsi anayekata bei yake, na hiyo asilimia hakuwa ameiandika popote. Tuliiondoa kwenye pato, na namba ya jalada ikashuka kutoka 254 hadi 240.

Ameizima. Iko kwenye boksi juu ya kabati, feni zimezibwa kwa nailoni vumbi lisiingie. Soketi ya viwandani sasa inaendesha mashine ya kusaga karanga.